Mstari wa Shilingi Milioni Moja

Barabara ya Nasser mjini Kampala ndiyo mtaa wa wachapaji. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, mabango ya wagombea wakati wa uchaguzi: vyote hutoka kwenye vyumba vidogo vilivyobanana huko, na ngurumo za mashine hazikatiki mpaka jioni. Chukua kampuni moja ya mfano katika mtaa huo. Ina wafanyakazi wachache, na mauzo yake yanatosha kuifanya itoe hesabu kamili za kodi. Ndani ya mwaka mmoja imenunua laptopu ya shilingi 960,000, mashine ya kubana vitabu kwa ringi ya shilingi 640,000, kompyuta ya mezani ya shilingi 1,150,000, na meza ya mikutano pamoja na viti vyake sita kwa shilingi 1,880,000. Jumla ni shilingi 4,630,000.

Mwisho wa mwaka mhasibu anazipanga risiti mezani, na mwenye kampuni anauliza swali ambalo kila mfanyabiashara huliuliza: fedha zimeshatoka mfukoni, sasa kwa nini zote zisiondolewe kwenye faida ya mwaka huu kabla ya kodi kupigwa?

Mhasibu hawezi kumjibu kwa neno moja. Laptopu na mashine ya ringi zitaondolewa mara moja, zote, mwaka huuhuu. Kompyuta ya mezani na seti ya meza zitaingia kwenye orodha ya mali, na gharama yake itakatwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Mpaka kati ya makundi haya mawili ni shilingi milioni moja. Lakini anayeangalia bei peke yake atakosea, kwa sababu sheria inauliza pia swali la pili, na hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi.

Kwa kawaida, gharama zinazoliwa ndani ya mwaka, kama karatasi, wino, umeme na kodi ya pango, huondolewa kwenye mapato ya mwaka huo. Kitu kinachodumu na kuzalisha kwa miaka mingi hakiondolewi hivyo. Huandikwa kuwa mali, kisha kila mwaka sehemu ya thamani yake hukatwa kuwa ni uchakavu. Kompyuta itakayofanya kazi miaka minne haikuliwa yote mwaka ilionunuliwa, kwa hiyo si haki mwaka huo peke yake ubebe gharama yote. Hoja hiyo ina mantiki.

Tatizo ni kwamba mantiki hiyo ikifuatwa bila kikomo inaleta vituko. Kikokotoo cha shilingi 45,000 hudumu miaka mitano. Mkasi mzuri wa kukatia karatasi hudumu kumi. Je, mhasibu aufungulie mkasi ukurasa wake kwenye rejista ya mali na kuupigia hesabu ya uchakavu mpaka utu uzima wake? Gharama ya kuufuatilia ingeuzidi mkasi wenyewe. Ndiyo maana Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ina kifungu kinachohusu vifaa vidogo: mali inayochakaa ambayo gharama yake haifiki pointi 50 za fedha huondolewa yote katika mwaka ilionunuliwa. Pointi moja ya fedha katika sheria hiyo ni shilingi 20,000, hivyo pointi 50 ni shilingi milioni moja. Neno la kuangalia hapo ni “haifiki”. Kitu cha shilingi 999,000 kimo. Kitu cha shilingi 1,000,000 kamili kimetoka.

Kifungu hichohicho kina sharti jingine, fupi, ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Mali hiyo lazima iwe inafanya kazi kwa kujitegemea, na isiwe kipande kimoja cha seti.

Sasa turudi kwenye risiti za Barabara ya Nasser. Laptopu inajitosheleza: ina skrini yake, kibodi yake na betri yake. Ifungue, fanya kazi. Bei yake haifiki milioni, kwa hiyo imepita masharti yote mawili. Mashine ya ringi nayo ni hivyohivyo; mtu anaweka karatasi, anabonyeza mkono wa chuma, kitabu kinatoka.

Kompyuta ya mezani ndiyo yenye mtego. Muuzaji aliandika risiti yenye mistari miwili: kasha la kompyuta shilingi 700,000, skrini shilingi 450,000. Kila mstari uko chini ya milioni, na mhasibu mgeni wa kazi angefurahi akaviondoa vyote. Lakini skrini bila kasha ni kioo cheusi tu, na kasha bila skrini ni sanduku linalopuliza upepo. Hakuna kinachojitegemea hapo. Vikiungana ndipo panapatikana kompyuta, na kompyuta hiyo imegharimu shilingi 1,150,000. Inaingia kwenye mali.

Meza na viti ni somo jingine. Kiti kimoja, shilingi 180,000, kinakalika popote. Hakihitaji meza ili kiwe kiti. Kwa hiyo sharti la kujitegemea kimelipita. Lakini viti sita vya mbao ileile na kitambaa kilekile, vilivyonunuliwa siku moja pamoja na meza ya shilingi 800,000 ili kujaza chumba kimoja cha mikutano, ni seti, na sheria haitaki seti ivunjwevunjwe ili vipande vyake vipite chini ya kamba. Kama kampuni ingenunua kiti kimoja cha karani mwezi Agosti, kisha kiti kingine cha aina nyingine mwezi Februari baada ya kuajiri mtu mpya, hapo mhasibu angekuwa na hoja nzuri ya kuviondoa kimoja kimoja. Maneno “kipande cha seti” hayana mizani inayopima kila hali, na anayeamua kuviondoa viti vyake afanye hivyo akiwa na maelezo yaliyoandikwa ya nani anakalia nini na kwa nini vilinunuliwa tofauti.

Swali la kujitegemea si la Uganda peke yake. Ujerumani ina kanuni ya aina hiyo kwa vifaa vya thamani ndogo, na kiwango chake kilipandishwa kutoka euro 410 hadi euro 800 kuanzia mwaka 2018. Huko pia kifaa lazima kiweze kutumika chenyewe. Printa ilizua ubishi mpaka ukafika kwenye mahakama ya juu ya kodi ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2004 iliona kwamba vifaa vinavyotegemea kompyuta, kama printa ya kawaida, havijitegemei, lakini mashine inayoweza pia kutoa nakala na kutuma faksi bila kompyuta inajitegemea. Uamuzi wa Ujerumani haumfungi mkaguzi wa Kampala. Hata hivyo fikra yake inamsaidia mwenye duka la uchapaji anayejiuliza kuhusu printa yake ya shilingi 850,000. Ajiulize: nikichomoa waya unaoiunganisha na kompyuta, mashine hii bado itanifanyia kazi gani? Kama inatoa nakala yenyewe, ana hoja. Kama inabaki kimya, hana.

Gharama inayopimwa dhidi ya milioni nayo haisomwi kwenye kibandiko cha bei. Inajumuisha kila kilicholipwa ili kitu kifike na kiwe tayari kwa kazi: usafiri, ushuru wa forodha, fundi wa kukifunga. Mashine ya shilingi 940,000 iliyosafirishwa kwa shilingi 80,000 ni mashine ya shilingi 1,020,000, na mstari umeshavukwa. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo Uganda ni asilimia 18, inaweza kugeuza jibu pia. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT hurudishiwa ile iliyolipa kwenye ununuzi, kwa hiyo VAT hiyo si gharama yake. Laptopu ya shilingi 1,120,000 pamoja na VAT ni shilingi 949,153 bila VAT, na kwa kampuni hiyo ni kifaa kidogo. Jirani yake ambaye hajasajiliwa harudishiwi chochote. Kwake laptopu ileile, ya duka lilelile, imegharimu shilingi 1,120,000 na inaingia kwenye mali.

Kinachofuata kwa vitu vilivyovuka mstari ni hesabu ya makapu. Sheria ya Uganda haimtaki mhasibu apige uchakavu wa kila kompyuta peke yake. Kompyuta zote na vifaa vya kuchakata data hutupwa katika kapu moja, na kila mwaka asilimia 40 ya thamani iliyomo hukatwa. Samani na vifaa vya ofisi vina kapu lake, asilimia 20. Kitu kipya kinaongeza kapu kwa gharama yake. Kitu kikiuzwa, fedha zilizopatikana zinapunguza kapu. Asilimia hupigwa kwenye kilichobaki, si kwenye bei ya mwanzo, kwa hiyo makato ya mwaka wa kwanza ndiyo makubwa, na yanayofuata hupungua mwaka hadi mwaka.

Tuseme kampuni yetu ilianza mwaka ikiwa na shilingi 5,000,000 katika kapu la kompyuta na shilingi 3,000,000 katika kapu la samani. Kompyuta mpya ya mezani inalifikisha kapu la kwanza kwenye shilingi 6,150,000, na asilimia 40 yake ni shilingi 2,460,000. Meza na viti vinalifikisha la pili kwenye shilingi 4,880,000, na asilimia 20 yake ni shilingi 976,000. Ukitenga mchango wa vitu vipya tu, kompyuta ya mezani imeleta makato ya shilingi 460,000, na seti ya meza shilingi 376,000. Ongeza laptopu na mashine ya ringi, ambazo zimeondolewa zote kwa shilingi 1,600,000. Kwa hiyo, kati ya shilingi 4,630,000 zilizotumika, shilingi 2,436,000 zinapunguza faida ya mwaka huu. Kodi ya makampuni ni asilimia 30, hivyo kampuni imeokoa shilingi 730,800. Zilizobaki hazikupotea. Zimo makapuni, zinasubiri zamu yake.

Hapo ndipo faida ya kuondoa mara moja inapoonekana kwa ukubwa wake halisi. Laptopu ya shilingi 960,000 ikiondolewa mwaka wa kwanza inapunguza kodi ya mwaka huo kwa shilingi 288,000. Ikiwekwa kwenye kapu lenye kompyuta nyingine nyingi, mwaka wa kwanza inaleta makato ya shilingi 384,000, mwaka wa pili 230,400, wa tatu 138,240, na hivyo hivyo kuteremka. Baada ya miaka mitano bado kuna shilingi zipatazo 74,650 ambazo hazijakatwa, na huenda laptopu yenyewe imeshaharibika kioo na kutupwa kabatini. Kodi iliyookolewa mwaka wa kwanza kwa njia hii ni shilingi 115,200. Jumla ya makato ya mwisho ni ileile kwa njia zote mbili, kwa kuwa hakuna anayepewa zaidi ya alicholipa. Tofauti ni kwamba mmoja anaipata nafuu yote leo, akainunulia wino, na mwenzake anaipata kwa vipande, huku bei za vitu zikipanda.

Kuna nafuu nyingine isiyoonekana kwenye takwimu. Mashine ya ringi ni kifaa cha ofisi, au ni mtambo wa uzalishaji? Makapu ya vitu hivyo yana viwango tofauti, na katika duka la uchapaji swali hilo linaweza kubishaniwa kwa saa nzima. Kwa kuwa mashine imegharimu shilingi 640,000 na inajitegemea, ubishi wote umekufa. Haiingii kapu lolote.

Kanuni moja zaidi kuhusu makapu inapaswa kujulikana na kila mwenye biashara changa, kwa sababu inageuza picha yote. Mwisho wa mwaka, baada ya makato ya kawaida, thamani iliyobaki katika kapu ikiwa haifiki shilingi milioni moja, nayo huondolewa yote na kapu linabaki tupu. Fikiria kampuni iliyofunguliwa mwaka huu na kununua kompyuta moja tu ya shilingi 1,600,000. Bei imevuka mstari, kwa hiyo inaingia kapuni. Asilimia 40 ni shilingi 640,000. Zinabaki shilingi 960,000, ambazo hazifiki milioni, basi nazo zinaondolewa. Kompyuta yote imekatwa ndani ya mwaka mmoja, kana kwamba ilikuwa kifaa kidogo. Lakini kampuni hiyohiyo ikinunua kompyuta mbili za namna hiyo, kapu ni shilingi 3,200,000, makato ni shilingi 1,280,000, na shilingi 1,920,000 zinavuka kwenda mwaka unaofuata. Kwa biashara ndogo kabisa, basi, mstari wa milioni hauleti tofauti kubwa. Kapu lake dogo linajimaliza lenyewe. Anayefaidi zaidi kanuni ya vifaa vidogo ni yule wa kati, mwenye makapu yaliyojaa, ambaye kila shilingi anayoitupa humo itachukua miaka kutoka.

Na aliye chini kabisa hahusiki hata kidogo. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 150 kwa mwaka, akiwa analipa ile kodi inayokadiriwa kwa mauzo, hana gharama za kuondoa. Kodi yake inafuata alichouza, si faida aliyopata. Duka kama hilo likinunua laptopu ya laki tisa au jenereta ya milioni nne, kodi yake haitikisiki. Ni vizuri mtu ajue yuko upande gani kabla ya kuhangaika na risiti.

Mahali ambapo makosa mengi huzaliwa ni kati ya vitabu viwili. Kampuni ina hesabu zake za kawaida, zinazoonyesha wamiliki na benki hali ya biashara, na ina hesabu ya kodi, inayopelekwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Katika hesabu za kawaida hakuna sheria inayotaja milioni moja. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyofuatwa, hasa kile cha mali za kudumu kiitwacho IAS 16, havitaji kiasi chochote. Kila kampuni inajiwekea sera yake kulingana na ukubwa wake. Kampuni kubwa inaweza kuamua kwamba chochote chini ya shilingi milioni mbili ni gharama ya mwaka. Ni sawa, inaruhusiwa.

Sasa kampuni hiyo inanunua kabati la chuma la shilingi 1,400,000. Kwa sera yake, kabati limeandikwa kwenye gharama za ofisi na halionekani tena kwenye rejista ya mali. Miezi minane baadaye, karani anayetayarisha ritani ya kodi anaangalia rejista ya mali ili kujua vilivyonunuliwa. Kabati halimo. Anaangalia gharama za ofisi, anaona jumla moja kubwa, anaichukua kama ilivyo. Kabati limeondolewa lote kwenye faida inayotozwa kodi, wakati sheria ya kodi inataka liingie kapu la samani na kukatwa shilingi 280,000 tu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Sera ya vitabu imejipenyeza kwenye ritani ya kodi bila mtu kuifungulia mlango.

Kosa la upande wa pili halina mkaguzi wa kuligundua, na kwa hiyo linaweza kuendelea miaka. Kampuni yenye sera ya kuandika kila kitu cha kuanzia shilingi 300,000 kwenye mali huweka simu, stabilaiza na viti vyake vyote kwenye rejista, na karani wa kodi anavifuata huko na kuvimimina makapuni. Vingi vingeweza kuondolewa mara moja. Kampuni inalipa kodi mapema kuliko inavyodaiwa, na hakuna barua itakayokuja kuiambia hivyo.

Dawa ya makosa yote mawili ni ileile, na si ngumu. Mhasibu achapishe orodha ya kila kitu kinachodumu kilichonunuliwa mwaka huo, kiwe kimeandikwa kwenye gharama au kwenye mali, pamoja na bei yake halisi. Kisha apite mstari kwa mstari na maswali mawili ya sheria: je, gharama yake kamili haifiki milioni? Je, kinajitegemea, au ni kipande cha seti? Kwa kampuni ya ukubwa wa kati hiyo ni kazi ya alasiri moja. Wengi hawaifanyi, wakidhani programu ya hesabu imeshaifanya, na programu haijui kama skrini ilinunuliwa pamoja na kasha.

Wako pia wanaotafuta njia ya mkato. Muuzaji anaombwa aandike risiti mbili za shilingi 750,000 kwa mashine moja ya shilingi 1,500,000. Hila hii haifiki mbali, kwa sababu sheria inapima mali, haipimi risiti. Mkaguzi anayeona risiti mbili za duka moja, tarehe moja na namba zinazofuatana, akaingia chumbani na kukuta mashine moja tu, hahitaji ushahidi mwingine. Siku hizi kazi yake ni nyepesi zaidi, maana ankara za wauzaji wengi hupitia mfumo wa kielektroniki wa URA, EFRIS, na muuzaji anayetakiwa kuutumia asipotoa ankara ya mfumo huo, mnunuzi anaweza kukosa kabisa haki ya kuondoa gharama ile. Turudi kwa kampuni yetu ya mfano: kama ingeondoa shilingi 4,630,000 zote mwaka wa kwanza, makato yake yangezidi kwa shilingi 2,194,000, na kodi iliyopunjwa ingekuwa shilingi 658,200. Riba ya kodi iliyochelewa ni asilimia 2 kwa mwezi, yaani shilingi 13,164 kila mwezi kwa deni hilo, mbali na adhabu.

Ng'ambo ya mpaka mambo ni tofauti. Jedwali la Pili la sheria ya kodi ya mapato ya Kenya halina mstari wa aina hii kwa kila kifaa. Kompyuta hukatwa asilimia 25 ya gharama kila mwaka kwa mafungu sawa, na samani asilimia 10. Laptopu ya shilingi 40,000 za Kenya inaleta makato ya shilingi 10,000 mwaka wa kwanza, 10,000 wa pili, 10,000 wa tatu, na bado shilingi 10,000 zimekaa hesabuni. Tanzania nayo inatumia makapu: kompyuta asilimia 37.5, samani za ofisi asilimia 12.5. Haina kifungu cha kifaa kimoja kimoja kama cha Uganda, ila inayo ile kanuni ya kumaliza kapu lililobakiza chini ya shilingi milioni moja za Tanzania.

Kwa hiyo Uganda imewapa wafanyabiashara wake kitu ambacho majirani hawana, na inastahili kusifiwa kwa hilo. Lakini zawadi hiyo inasinyaa. Katika toleo la sheria la mwaka 2000 pointi ya fedha ilikuwa shilingi 20,000, na dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 1,600. Milioni moja ilikuwa zaidi ya dola 600. Leo dola inauzwa kwa takriban shilingi 3,500, na milioni ileile haifiki dola 300. Laptopu mpya ya kazi inazidi kiasi hicho kwa urahisi. Laptopu ya kampuni yetu ya mfano ingepita chini ya mstari kwa sababu ni iliyotumika. Sheria iliyokusudiwa kuwaondolea watu usumbufu wa kufuatilia vitu vidogo imebaki na mikasi, stabilaiza na viti vya plastiki.

Kinachosikitisha ni kwamba mfumo wa pointi uliwekwa ili kuzuia jambo hilihili. Viwango viliandikwa kwa pointi badala ya shilingi ili siku fedha ikishuka thamani, ibadilishwe thamani ya pointi moja mahali pamoja, na viwango vyote vifuate. Pointi imebaki shilingi 20,000. Kuigusa kungehamisha viwango vingine vingi kwa mpigo, na hapo huenda ndipo ugumu ulipo. Lakini hakuna kinachozuia kifungu hiki kimoja kupandishwa kutoka pointi 50 hadi 150. Serikali isingepoteza kodi hiyo, ingeipata baadaye kidogo, kwa kuwa kitu kilichokatwa chote leo hakina cha kukatwa kesho. Wabunge wanaopokea miswada ya marekebisho ya kodi kila mwaka wana nafasi ya kulitazama hili.

Mpaka hapo watakapolitazama, mstari ni milioni moja. Kampuni zinazofuata mwaka wa kawaida wa kodi hufunga hesabu tarehe 30 Juni na kupeleka ritani ndani ya miezi sita, kabla mwezi wa Desemba haujaisha. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuituma, toa orodha ya vitu ulivyonunua na uvipitie kimoja kimoja, ukianza na vile vya kati ya shilingi 300,000 na milioni mbili.